Wino Umeguswa: Kumsomea Mgonjwa Ripoti ya Bayopsi

Mhadhara kwa wauguzi, matabibu na jamaa wa wagonjwa, Juba

Karatasi ninayotaka tuisome pamoja ina kurasa mbili. Imetoka maabara ya patholojia Kampala, imepita Gulu, Elegu na Nimule ndani ya bahasha, na imefika Juba wiki kadhaa baada ya kinyama chenyewe kuondoka. Imeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye karatasi ni mama wa miaka 43, anauza mboga katika soko la Konyo Konyo. Alikulia ukimbizini Kenya, na baada ya lugha ya kwao, Kiswahili ndicho anachokisikia vizuri zaidi. Ni mgonjwa wa mfano. Nimemtunga kutokana na ripoti za aina ambayo wengi wenu mmeshazishika mkononi, ili tusimwanike mtu wa kweli mbele ya hadhara. Lakini maneno na vipimo vya ripoti yake ni vile hasa tunavyokutana navyo kazini.

Mama huyu aligusa uvimbe katika titi la kushoto, upande wa juu kuelekea kwapa. Haukuwa na maumivu, akauvumilia. Baadaye akaenda zahanati, akachomwa sindano ya ganzi, uvimbe ukatolewa siku hiyohiyo na kutiwa kwenye chupa, naye akarudi sokoni. Aliambiwa, "Tumeutoa wote, mama. Tunasubiri majibu tu." Majibu yamekuja, na yakiwekwa kwa Kiswahili yanasomeka hivi: saratani vamizi ya titi, ukubwa wa milimita 28, gredi ya 3, saratani imegusa wino kwenye ukingo, tezi za kwapa hazikuletwa.

Shauri langu kwa yeyote atakayemsomea ni hili. Kila neno katika mstari huo limejibu swali moja tu, na mgonjwa anatakiwa alisikie swali kabla ya kusikia jibu. Ukimpa jibu bila swali lake, atalipachika kwenye swali analoliogopa kuliko yote: je, nitakufa? Akisikia "3" atafikiri ndilo jibu la swali hilo. Akisikia "ukingo" atadhani tayari yuko ukingoni mwa kaburi. Kwa hiyo twende swali kwa swali.

Swali la kwanza ni kama uvimbe ni saratani au si saratani. Ripoti hulijibu kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo wauguzi wetu huyatamka binaini na malignanti. Uvimbe binaini umeota, pengine ni mkubwa, lakini unakaa mahali pake. Hauvamii nyama ya jirani wala hausafiri kwenda ini au mapafu. Uvimbe malignanti ndio saratani. Seli zake zimevunja utando mwembamba unaozunguka mifereji ya maziwa, zimeingia katika mafuta na nyama ya titi, na huko ndiko iliko mishipa inayoweza kuzibeba. Ndiyo maana ripoti ya mama imeongeza neno "vamizi". Zingekuwa bado ndani ya mfereji, utando haujavunjwa, ripoti ingesema hivyo wazi, na habari ingekuwa nyepesi zaidi.

Jibu la binaini ndilo husomwa kwa haraka kupita yote, nami naomba tulitazame kwa makini hata kama si jibu la mama huyu. Jibu zuri la binaini hutaja kitu kwa jina. Linasema huu ni uvimbe wa nyuzi na tezi uitwao fibroadenoma, au haya ni mafuta yaliyokufa baada ya titi kugongwa, au hiki ni kifua kikuu cha titi. Kitu chenye jina kinaeleza kwa nini mkono ulihisi uvimbe. Lipo jibu jingine linalofanana nalo lakini si lilo: "nyama ya kawaida ya titi, hakuna saratani iliyoonekana." Hilo halijaeleza uvimbe. Kama sampuli ilichukuliwa kwa sindano, kilichofika maabara ni nyuzi chache za nyama zenye unene usiozidi milimita mbili, na sindano inaweza kupita pembeni ya uvimbe ikachota nyama nzima. Mgonjwa mwenye uvimbe mgumu, uliong'ang'ania, na ngozi iliyovutwa ndani, akiletewa jibu la namna hiyo, aambiwe, "Mama, kipimo hakijaukuta uvimbe wako. Inabidi turudie." Asiambiwe uko salama. Mkono wa daktari, picha ya altrasaundi na hadubini vinapaswa kusema jambo moja. Kimoja kikipingana na vingine, kazi haijaisha.

Mama wetu jibu lake ni saratani, na neno hilo lazima litamkwe. Wapo wanaolikwepa kwa huruma, wakasema "uvimbe mbaya kidogo" au "vidonda vya ndani". Mgonjwa aliyeambiwa hivyo haoni sababu ya kuuza mbuzi aende Kampala. Na hapa Juba kulinong'ona hakusaidii, kwa kuwa Kiarabu cha mtaani nacho hulitumia neno hilohilo; shemeji akitafsiriwa pembeni, mgonjwa atalisikia kutoka kitandani, na atajua kwamba alifichwa. Kabla ya kufungua bahasha muulize mwenyewe: "Mama, ungependa nani akae nawe tukisoma?" Akimtaja dada yake, aitwe dada. Akimtaja shemeji, aitwe shemeji. Mwenye mwili ndiye mwenye ripoti. Nalisema hili nikijua vizuri kwamba katika koo zetu nyingi habari nzito hupitia kwa wanaume kwanza, na kwamba wao ndio mara nyingi watakaotoa nauli. Waje, wakae, lakini wasikie naye, si kabla yake.

Swali la pili ni kuhusu tabia ya seli hizo, na jibu lake ni gredi. Katika saratani ya titi tunatumia kanuni iliyokamilishwa mjini Nottingham na Elston na Ellis mwaka 1991. Msomaji wa hadubini hutoa alama tatu, kila moja kati ya 1 na 3. Kwanza anatazama kama seli bado zinajua kujenga vijifereji, kazi ya titi la kawaida. Zikivijenga katika zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe, anaandika 1. Zikivijenga chini ya asilimia 10, anaandika 3. Pili anatazama viini vya seli, kama vimelingana au kila kimoja kina umbo na ukubwa wake. Tatu anahesabu seli zilizokutwa katikati ya kujigawa, akipita maeneo 10 ya hadubini. Kisha anajumlisha. Jumla ya 3 hadi 5 ni gredi ya 1, ya 6 au 7 ni gredi ya 2, ya 8 au 9 ni gredi ya 3. Mama alipata 3 kwa vijifereji, 3 kwa viini na 2 kwa kujigawa. Jumla 8, gredi ya 3.

Mmeona kwamba katika hesabu hiyo yote hakuna mahali palipouliza uvimbe ni mkubwa kiasi gani, au umefika wapi mwilini. Hayo ni mambo ya steji, na steji ni kipimo kingine kabisa. Uvimbe wa milimita nane unaweza kuwa gredi ya 3, na saratani iliyofika kwenye mifupa inaweza kuwa gredi ya 1. Lakini watu wamesikia redioni na misibani habari za "steji ya nne", kwa hiyo wakisikia "gredi ya tatu" wanahesabu kwamba imebaki ngazi moja. Hapo familia hukaa kikao cha kumrudisha mgonjwa kijijini akae na watoto wake, na fedha iliyokuwa ya matibabu huwekwa kwa ajili ya mazishi. Mama mwenye saratani inayotibika hupotea kwa namba iliyosomwa vibaya. Sijui kosa jingine katika kuisoma ripoti hii linalodhuru kuliko hilo.

Kwa hiyo mwambie hivi: "Mama, namba hii inasema seli zinajigawa haraka. Haisemi zimefika wapi. Hilo tutalipima bado. Kwa kuwa zinajigawa haraka, matibabu yasicheleweshwe. Na dawa za kemo hushambulia seli zinazojigawa, kwa hiyo uvimbe wa gredi hii mara nyingi huitikia dawa hizo kuliko wa gredi ya 1." Yote mawili ni kweli, na asikie yote mawili katika pumzi moja. Tahadhari moja niiseme haraka: kila kiungo kina mizani yake. Saratani ya tezi dume hupangwa katika makundi 1 hadi 5, na mabadiliko ya shingo ya kizazi ya gredi ya 3 bado si saratani vamizi. Msilinganishe namba ya dada na namba ya mjomba.

Swali la tatu ndilo lililoupa mhadhara huu jina lake, na ndilo linalohitaji muda. Je, uvimbe umetoka wote? Zahanati ilisema umetoka wote. Ripoti inasema wino umeguswa.

Kinyama kikifika maabara, kabla hakijapitishwa kisu, uso wake wote wa nje hupakwa wino. Hapo hukatwa vipande, hupitishwa kwenye dawa na nta, kisha hukatwa tena tabaka nyembamba sana, unene wa mikromita tatu au nne, na kutiwa rangi. Chini ya hadubini wino unaonekana kama mstari. Upande wa ndani wa mstari ni nyama iliyotolewa. Upande wa nje ni mwili wa mgonjwa, uliobaki Juba. Mtaalamu anatafuta kilichopo kati ya saratani na mstari huo. Akikuta nyama isiyo na saratani, ukingo ni safi, na ataandika umbali wake kwa milimita. Akikuta seli za saratani zimefika kwenye wino wenyewe, ukingo si safi. Maana yake kisu kilipita ndani ya saratani, na inawezekana sana kwamba upande wa pili wa kisu kuna iliyobaki.

Mama anauza viazi pia, kwa hiyo yeye ataelewa kuliko sisi. Kiazi chenye doa bovu hukatwa na nyama nzima kidogo pembeni; ukikuta weusi pale ulipokata, unajua kisu kilipita mahali pasipotosha. Mwambie hivyo, kisha mwongezee jambo ambalo kiazi hakilionyeshi: weusi huu hauonekani kwa macho. Aliyemfanyia upasuaji hakuona saratani akaiacha. Aliona nyama iliyofanana na nyama nzima. Maelezo haya yanamwondolea mgonjwa hasira ambayo ingemzuia kurudi hospitali. Wala mguso wa wino si hakika kwamba kuna kilichobaki. Wapo wanaorudiwa upasuaji na nyama ya pili ikakutwa haina kitu. Ila hakuna njia ya kumjua nani ni nani bila kurudi, na kusubiri uvimbe uote upya ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Ukingo nao unaweza kusomwa vibaya kwa sababu ya mambo yaliyofanyika kabla ya maabara. Uvimbe ukitolewa vipande vipande, hauna tena uso wa nje. Wino utapakwa kila mahali na jibu halitakuwa na maana. Vivyo hivyo kama mtu aliupasua katikati ili atazame ndani kabla ya kuutia kwenye chupa: wino huingia kwenye mpasuko na saratani huonekana kana kwamba imefika ukingoni. Na kuna suala la uzi. Daktari akishona nyuzi mbili kwenye kinyama, fupi upande wa juu, ndefu upande wa nje, maabara inaweza kusema, "Ukingo wa juu si safi, nyingine tano ni safi." Kinyama cha mama kilifika bila uzi. Ripoti yake imesema wino umeguswa upande mmoja, lakini haikuweza kusema upande upi. Atakayemfanyia upasuaji tena hajui arudi wapi, kwa hiyo atalazimika kutoa nyama ya pande zote. Uzi wa senti chache ungemwokolea mama sehemu kubwa ya titi.

Sasa tuseme bahati ingekuwa upande wake na ukingo ungekuwa safi. Je, tungemwambia amepona? Vitabu vingi tunavyosomea vinaelekea huko, na vina sababu. Mwaka 2014 vyama vya Marekani vya wapasuaji wa saratani na wa madaktari wa mionzi vilikubaliana kwamba katika saratani vamizi ya titi, wino usipoguswa inatosha. Hakuna haja ya kutafuta milimita zaidi. Lakini makubaliano hayo yalihusu mgonjwa ambaye baada ya upasuaji atapigwa mionzi titi zima. Sharti hilo halina budi kusomwa pamoja na kanuni yenyewe. Bernard Fisher na wenzake walianza utafiti mwaka 1976, wakawafuatilia kwa miaka 20 wanawake waliotolewa uvimbe tu, na mwaka 2002 wakachapisha matokeo. Miongoni mwa waliokuwa na kingo safi na kupewa mionzi, saratani ilirudi katika titi lilelile kwa asilimia 14.3. Miongoni mwa waliokuwa na kingo safi bila mionzi, ilirudi kwa asilimia 39.2. Idadi ya walioendelea kuishi haikutofautiana sana kati ya makundi hayo na wale walioondolewa titi zima, na hilo nalo ni la kukumbuka. Lakini wanawake wale walichunguzwa mara kwa mara, na uvimbe uliporudi ulikamatwa.

Sudani Kusini haina mashine ya mionzi. Zamani wengi walipanda kwenda Khartoum. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeivuruga njia hiyo. Iliyobaki karibu ni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Hata pale mnakumbuka yaliyotokea mwaka 2016, mashine iliyokuwepo tangu 1995 ilipoharibika kabisa, na nyingine haikuzinduliwa hadi mwanzoni mwa 2018. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano, kutegemea mpango. Kwa mchuuzi wa Konyo Konyo gharama kubwa pengine si mionzi. Ni pa kulala, chakula, na meza yake sokoni isiyo na mtu.

Ndiyo maana nasema kwa uzito kwamba hapa Juba neno ukingo lisisomwe peke yake. Mama anatakiwa aelezwe njia zake mbili pamoja. Njia ya kwanza ni kuondolewa titi lote pamoja na tezi za kwapa, na tezi zikikutwa safi huenda asihitaji mionzi kabisa. Njia ya pili ni kukatwa tena eneo la kovu ili titi libaki, kisha mionzi Kampala bila kukosa. Njia isiyokuwepo ni kukatwa tena kidogo na kurudi nyumbani. Nimeona watu wakiichagua hiyo ya tatu kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ya pili ina nusu mbili. Uchaguzi ni wa mama, na kuna wanaolipenda titi lao na wana haki hiyo. Lakini achague akiwa na habari zote mkononi.

Swali la nne ripoti haikulijibu, na imekiri yenyewe: tezi za kwapa hazikuletwa. Swali ni saratani imefika wapi, yaani steji. Tulicho nacho ni ukubwa tu, milimita 28, ambao uko kati ya sentimita mbili na tano. Kwapa lake halijachunguzwa, kifua hakijapigwa picha, ini halijapimwa kwa altrasaundi. Kama vyote vitakuwa safi, huyu mama wa gredi ya 3 ni mgonjwa wa steji ya 2. Mwambie leo kwamba steji bado haijulikani, na mtajie vipimo vitakavyoijulisha. Mtu akisema "sijui bado, tutajua kwa kupima hiki na hiki", mgonjwa humwamini zaidi katika yale anayodai kuyajua.

Ukurasa wa pili wa ripoti una mstari ambao wengi huuruka: vipokezi vya estrojeni, hasi. Mstari huo unaamua kama mama atapewa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano au zaidi, dawa ya bei nafuu inayopunguza sana uwezekano wa saratani kurudi. Jibu likiwa hasi, hapewi. Kwa hiyo tujiulize kama jibu hilo linaaminika, na jibu la swali hilo liko ndani ya chupa.

Nyama ikitoka mwilini huanza kuoza, na katika joto la Juba la Februari huoza haraka. Fomalini ndiyo inayoizuia, lakini huingia ndani ya nyama taratibu, takriban milimita moja kwa saa. Uvimbe mkubwa uliotumbukizwa mzima kwenye chupa ndogo yenye fomalini ya kufunika tu, nje hukakamaa na katikati huharibika. Fomalini inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, nyama itiwe ndani ya saa moja tangu kutolewa, na ikae kati ya saa 6 na 72 kabla ya kushughulikiwa. Safari kutoka Juba huweza kuvuka saa hizo. Nyama iliyoharibika hupoteza vipokezi, na hata seli zinazojigawa hazihesabiki vizuri, kwa hiyo gredi nayo inaweza kutoka chini kuliko ilivyo.

Kuna namna ya kutambua. Pembeni ya saratani karibu kila mara huwa kuna vijifereji vya kawaida vya titi, na baadhi ya seli zake zinatakiwa zishike rangi ya kahawia katika kipimo cha estrojeni. Kama hata hizo hazikushika, kipimo kimeshindwa. Si kwamba vipokezi havipo. Ripoti ya mama imeandika kwamba vijifereji vya kawaida havikushika rangi na kwamba sampuli ilihifadhiwa vibaya. Hiyo si hasi. Hilo ni jibu ambalo halijapatikana. Mwambie, "Mama, hiki kipimo kimoja hakikufaulu kwa sababu ya chupa. Tutakirudia kwenye nyama ya upasuaji wa pili." Na nyama hiyo ya pili ipasuliwe kwa utaratibu na mpasuaji mwenyewe kama maabara iko mbali, baada ya nyuzi na wino, ili fomalini ifike kati. Jambo hili wapange yeye na maabara kabla ya siku ya upasuaji.

Mama alichagua kuondolewa titi lote. Vipimo vya kifua na ini vilikuwa safi. Ripoti ya pili ilikuja ikisema: saratani iliyobaki milimita 6, jirani na kovu la kwanza, kingo zote safi, ulio karibu zaidi uko umbali wa milimita 12, tezi za kwapa 14, zote hazina saratani, vipokezi vya estrojeni chanya, asilimia 80 ya seli. Kwa hiyo zahanati haikuutoa wote, na wino ulisema kweli. Ile hasi ya kwanza ilikuwa kosa la chupa, na kidonge ambacho angenyimwa sasa atapewa. Steji yake ni ya 2. Gredi imebaki ya 3.

Akauliza swali ambalo wagonjwa wengi hulificha: "Daktari, kama kingo ni safi na tezi ni safi, kemo ya nini tena?"

Jibu lake linatokana na maswali yaleyale. Ukingo umejibu kuhusu kifua chake: pale kisu kilipopita hakuna kilichobaki. Tezi zimejibu kuhusu njia ya kwapa. Hakuna kati ya hayo mawili lililopima damu, na seli chache zinaweza kuwa zimepita kwenye mishipa ya damu kabla ya upasuaji, bila kugusa kwapa na bila kuonekana katika picha yoyote. Uwezekano huo ni mkubwa zaidi kwa uvimbe wa sentimita mbili na zaidi wenye gredi ya 3. Kemo inazifuata seli hizo huko ziliko, inazikuta zikijigawa, na baadaye tamoksifeni inazinyima estrojeni zile zitakazosalia. Dawa zianze ndani ya siku 90 tangu upasuaji, kwa hiyo tarehe ya kwanza ya kemo iandikwe juu ya ripoti hiyohiyo, kwa kalamu, mama akiwa bado amekaa kwenye kiti.